Kupanga bei za gesti Kigoma kwa msimu bila kuwapoteza wageni wanaorudi

Mwongozo huu nauandika kwa mwenye gesti ndogo, ya vyumba 8 hadi 20, asiye na meneja wa mauzo na anayepanga bei mwenyewe mezani kwake usiku. Mimi ninayo ya vyumba 12 hapa Kigoma, upande wa Mwanga. Kwa miaka mingi niliuza kila chumba 35,000 mwaka mzima. Mwaka 2024 nikapandisha bei ya Agosti kwa kila mtu, na hesabu ya mwezi ule ikapendeza sana. Ilinichukua hadi Machi kugundua kwamba nilikuwa nimepata hasara, na kosa lenyewe halikuonekana popote katika hesabu za Agosti.

Anza na daftari la wageni

Msimu wa Kigoma hausomwi kwenye kalenda ya mvua peke yake. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kwenda hadi Aprili au Mei, halafu kiangazi, lakini vyumba havijazwi na hali ya hewa. Vinajazwa na watu wenye shughuli, na kila kundi lina kalenda yake. Chukua daftari la wageni la miezi 12 iliyopita na karatasi yenye mistari ya mraba. Kila siku iwe mstari, kila chumba kiwe kisanduku, na katika kila kisanduku andika herufi moja: D kwa mtu wa dagaa, S kwa mtumishi wa serikali, M kwa mtu wa mashirika anayekwenda au kutoka Kasulu na Kibondo, T kwa mtalii, F kwa aliyekuja kwa mambo ya familia, kama msiba, harusi au kumpeleka mtoto shule. Kazi hii ni ya jioni mbili. Usiikabidhi kwa kijana wa mapokezi, kwa sababu ukiifanya mwenyewe utaanza kuona majina yanayojirudia, na hayo ndiyo utakayoyahitaji baadaye.

Kwangu mimi picha iliyotoka ilikuwa hivi. Watumishi wa serikali hulala Jumatatu hadi Alhamisi, na wingi wao huonekana Mei na Juni kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Watalii wa Gombe na Mahale huja kiangazi, Juni hadi Oktoba, na kilele chao ni Julai na Agosti. Wageni wa familia hujaa mwisho wa Desemba. Februari hadi Aprili nyumba hupumua.

Watu wa dagaa ndio walionishangaza. Wao hawafuati mwezi wa kalenda, wanafuata mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazivuti dagaa vizuri mbalamwezi ikiwa kubwa. Kwa hiyo wavuvi hupumzika mwezi unapokuwa mpevu na kurudi ziwani giza linapoingia, na wanunuzi wanaokuja mwalo wa Kibirizi au Katonga huja na giza hilo. Ukipanga daftari kwa tarehe tu, wataonekana kama watu wanaokuja ovyo. Chora duara dogo pembeni ya kila tarehe ya mwezi mpevu, na utaona herufi D zinakauka hapo kisha zinarudi baada ya siku chache, karibu kila siku 29 au 30.

Kuna jambo jingine la kuweka kwenye karatasi hiyo. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Maana yake kwa gesti ni kwamba wateja wa dagaa waliondoka kwa miezi mitatu, kisha wakarudi kwa pamoja wakati watalii bado wamejaa. Kila mwaka, ikifika Aprili, ulizia mwaloni tarehe za kufungwa na kufunguliwa kabla hujapanga bei za kiangazi.

Jua chumba kikilaliwa kinakugharimu nini

Mshahara wa mhudumu, mlinzi, leseni na kodi vinalipwa hata nyumba ikiwa tupu. Viweke kando kwa sasa. Unachotafuta ni ile gharama inayozaliwa na mgeni mmoja kulala usiku mmoja. Kwangu chai ya asubuhi yenye mayai na chapati ni 4,000, kufua shuka na taulo 1,500, sabuni na karatasi za chooni 700, maji na umeme 1,300. Jumla 7,500. Chumba kikiuzwa 35,000, kinachobaki mkononi ni 27,500, na hicho ndicho kinacholipa mishahara.

Ukishakuwa na namba hiyo, utaacha kushusha bei kwa woga. Chukua Machi 2023. Vyumba 12 kwa siku 31 vinaweza kuuzwa mara 372. Niliuza mara 150, yaani ujazo wa asilimia 40. Kilichobaki baada ya gharama za wageni kilikuwa 4,125,000. Jirani alikuwa ameshusha hadi 28,000, na mimi nilitamani kumfuata. Lakini kwa 28,000 kinachobaki ni 20,500 tu, na ili nipate zile 4,125,000 ningelazimika kuuza mara 202. Wageni 52 zaidi wangetoka wapi mwezi wa Machi? Hakuna mtu anayepanda treni kutoka Tabora kuja Kigoma kwa sababu chumba kimepungua 7,000. Anakuja kwa sababu ana shughuli. Ukishusha, unamvuta yule aliyekuwa alale kwa jirani, naye jirani atashusha tena, na mwishoni wote wawili mtakuwa na wageni walewale kwa pesa pungufu.

Punguzo la msimu wa chini lina faida pale tu linapoongeza siku za mgeni aliyekwisha kufika. Mimi Februari hadi Aprili natoa usiku wa nne kwa nusu bei. Mtumishi aliyepanga kuondoka Alhamisi jioni analala mpaka Ijumaa, na usiku huo ambao ungekuwa mtupu unaniachia pesa. Punguzo hilo linamhusu aliyekwishalipa usiku tatu kamili, kwa hiyo halishushi bei ya mtu wa usiku mmoja.

Andika waliokosa nafasi

Nyumba ikijaa, daftari la wageni linanyamaza. Halikuambii kama umejaza kwa mtu mmoja aliyebaki nje au kwa kumi. Nunua daftari la pili, liwekwe mapokezi, na kila anayepiga simu au kufika akakosa chumba aandikwe: tarehe, kundi lake, anataka siku ngapi. Jina si lazima. Lifuatilie kwa msimu mmoja wa juu kabla hujapandisha bei.

Namna ya kulisoma ni rahisi. Ukiwa umejaa na waliokosa ni mmoja mmoja, bei yako imekaa sawa. Ukiwa umejaa siku kumi na nane za mwezi na kila siku unarudisha wanne au watano, unauza kwa bei ya chini mno. Angalia pia ni akina nani wanaokosa. Agosti 2023 niliuza mara 342 kati ya 372, nikajipongeza kwa ujazo wa asilimia 92, kumbe watalii walikuwa wamehifadhi mapema na waliokuwa wanarudishwa mlangoni wengi ni wateja wangu wa mwaka mzima.

Namba tatu, na kwa nini moja peke yake hudanganya

Kila mwisho wa mwezi piga hesabu tatu. Ya kwanza ni ujazo: mara ulizouza, gawa kwa mara ulizoweza kuuza. Ya pili ni wastani wa bei: mapato yote ya vyumba, gawa kwa mara ulizouza. Ya tatu ni mapato kwa kila chumba kilichopo: mapato yote, gawa kwa mara ulizoweza kuuza, vitupu vikihesabiwa. Ya tatu ndiyo inayopatanisha mbili za kwanza, kwa sababu ujazo unaweza kupanda kwa kushusha bei, na wastani unaweza kupanda kwa kufukuza watu.

Agosti 2023, kwa 35,000 kila mtu: mara 342, mapato 11,970,000, na kwa kila chumba kilichopo 32,177. Baada ya gharama za wageni zilibaki 9,405,000.

Agosti 2024, kwa 45,000 kila mtu: mara 301, ujazo asilimia 81, mapato 13,545,000, na kwa kila chumba kilichopo 36,411. Zilibaki 11,287,500. Nilikuwa nimeongeza 1,882,500 kwa mwezi mmoja, tena kwa kufua shuka chache kuliko mwaka uliotangulia. Ujazo ulikuwa umeshuka, lakini wastani wa bei na mapato kwa kila chumba kilichopo vilikuwa vinanipa heko.

Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 19 Agosti mwaka ule, kwa hiyo wanunuzi wa dagaa walianza kuonekana wiki ya mwisho. Mama mmoja anayetoka Kahama, ambaye amelala kwangu tangu nilipokuwa na vyumba saba, alisoma bei ubaoni akaniita nje. Akaniambia, “Mwanangu, hawa wageni wa sokwe wamekuja juzi. Sisi tumelala hapa masika na kiangazi. Leo unatupandishia na sisi?” Nilimjibu kwamba ni bei ya msimu, kila mtu analipa hivyo. Alilipa, akalala usiku mbili, na hakurudi.

Piga hesabu yake uone. Kwake yeye nilipata nyongeza ya 20,000. Mteja wa aina yake huja usiku mbili kila giza. Ukiondoa miezi mitatu ya ziwa kufungwa, unabaki na giza tisa hivi, usiku 18 kwa mwaka, na kila usiku ulikuwa unaniachia 27,500. Hiyo ni 495,000 kwa mwaka. Nimeuza 495,000 kwa 20,000.

Wala hakuwa peke yake. Nilipokaa na daftari mwezi wa Machi, katika wateja 23 waliokuwa wakirudi mara kwa mara, tisa hawakuwa wameonekana tangu Septemba. Kwa miezi ile ya Septemba hadi Machi kila mmoja wao alikuwa na kawaida ya usiku kumi hivi. Usiku 90 mara 27,500 ni 2,475,000, zaidi ya nyongeza yote ya Agosti. Wale tisa ndio walioweka taa za nyumba zikiwaka mwezi wa Februari, wakati ambapo hakuna mtalii wa kuwafidia.

Bei mbili, ubao mmoja

Hapa ndipo kazi ilipo. Bei ya msimu iwahusu wageni wa kupita, na mteja anayerudi awe na bei isiyohama mwaka mzima. Lakini namna ya kulitangaza hilo ndiyo inayoamua kama litakubalika.

Ubaoni andika bei kamili moja, ile ya kilele. Yangu ni 45,000. Miezi isiyo ya kilele, chini yake ning’iniza kibao kinachosema punguzo la msimu, 38,000. Kilele kikifika, kibao kinatolewa. Tofauti ni ileile ya shilingi 7,000, lakini mtu aliyezoea 38,000 akikuta 45,000 kwenye ubao mpya anaona amepandishiwa, na anayejua siku zote kwamba bei ni 45,000 anaona punguzo limekwisha. Tarehe za kuanza na kwisha punguzo ziandikwe palepale, ili mhudumu asishutumiwe kwamba amekutazama sura akakupangia.

Bei ya mteja wa kudumu haiandikwi ubaoni. Inakaa kwenye orodha ya majina, na kwangu imebaki 35,000. Sharti la kuingia ni usiku kumi ndani ya miezi 12, bila kujali ni wa dagaa, wa serikali au wa shirika. Mjulishe mwenyewe kwa mdomo, umwambie na sharti. Msimu wa kilele sharti linaongezeka: apige simu siku tatu kabla na atume nusu ya bei ya usiku mmoja kwa simu. Watu wa dagaa hawakulalamikia hilo hata kidogo, kwa sababu giza linajulikana mapema na wao wanajua siku ya kuja kuliko mtalii.

Kisha zuia vyumba kwa ajili yao. Bei nzuri haina maana ikiwa nyumba imejaa watalii waliohifadhi tangu Mei. Tazama karatasi yako ya herufi: kilele kilichopita, siku ya kawaida, walikuwapo wangapi kwenye orodha? Kwangu watatu, na siku nzito sita. Nikachagua kuzuia vyumba vinne. Sikuchagua sita kwa sababu siku nzito ni chache na vyumba viwili vingekaa vikisubiri mwezi mzima. Ikifika saa 12 jioni ya siku iliyotangulia na hakuna aliyethibitisha, chumba kinafunguliwa kwa yeyote kwa bei kamili. Saa hiyo isivunjwe kwa huruma, la sivyo mapokezi wataanza kuvishikilia mpaka usiku na vitalala vitupu.

Agosti 2025 niliiendesha hivyo. Wa orodha walilala mara 90 kwa 35,000, ambazo ni 3,150,000. Wengine mara 226 kwa 45,000, ambazo ni 10,170,000. Jumla mara 316, ujazo asilimia 85, mapato 13,320,000. Wastani wa bei ulikuwa 42,152, na kwa kila chumba kilichopo 35,806. Baada ya gharama zilibaki 10,950,000, ambazo zimepungukiwa 337,500 na zile za Agosti 2024. Hicho ndicho kiasi nilicholipa ili wateja wa mwaka mzima wabaki, na sidhani kama nimewahi kununua kitu rahisi hivyo katika biashara hii. Ukilinganisha na 2023, bado nimeongeza zaidi ya milioni moja na nusu. Hesabu hizi zote nimeziweka kwa gharama ileile ya 7,500 ili miaka ilingane. Wewe tumia yako ya sasa.

Mtalii anayekuja kupitia tovuti za kuhifadhi vyumba anahitaji angalizo dogo. Tovuti ikikata asilimia 15, kwenye 45,000 unabaki na 38,250. Andika hiyo 38,250 katika hesabu yako, si 45,000, la sivyo wastani wako utakuwa wa karatasi tu. Hesabu zangu za hapo juu ni za wageni wanaolipa mlangoni au kwa simu.

Mashirika na ofisi zinazoomba mkataba wa bei ya mwaka, wape, lakini mkataba utaje idadi ya vyumba kwa siku. Bila idadi, ofisi moja inaweza kuleta semina ya watu kumi katikati ya Julai kwa bei ya Machi. Na risiti ya mashine iandikwe kiasi kilicholipwa. Atakuja mtu akiomba iongezwe kidogo. Kataa kwa adabu, kwa sababu bei mbili zikishaanza kutembea kwenye risiti hutajua tena wastani wako halisi.

Panapovujia

Tundu la kwanza ni mapokezi. Mgeni akiuliza “bei ya mwisho ngapi?”, kijana anampa 35,000 ya wateja wa kudumu ili asiondoke. Utaligundua bila kumvizia mtu: mwisho wa mwezi hesabu mara ngapi 35,000 imeuzwa, kisha hesabu usiku wa watu walio kwenye orodha. Zikipishana, ndilo hilo. Dawa yangu ilikuwa kumpa mhudumu kitu kingine cha kutoa. Hana ruhusa ya kushusha bei, lakini anaweza kumpa mgeni chumba cha upande wa ziwa kikiwa wazi, au kumruhusu atoke saa 8 mchana badala ya saa 4 asubuhi. Abiria wa treni inayochelewa hulipenda hilo kuliko punguzo.

La pili ni kupandisha kwa tarehe zisizo zako. Kilele kikianza na ujazo wa wiki mbili za kwanza ukawa chini ya asilimia 70 huku daftari la waliokosa likiwa tupu, umeanza mapema. Rudisha kibao cha punguzo bila aibu. Ukizidi asilimia 95 na bado unarudisha watu kila siku, mwaka ujao ongeza 3,000 au 5,000, kwa wageni wa kupita tu.

La tatu ndilo lililonikuta mimi, na namba za mwezi haziwezi kulionyesha. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Oktoba na mwisho wa Machi, kaa na orodha ya wateja wa kudumu, na kwa kila jina andika tarehe ya mwisho aliyolala. Mtu wa dagaa akipitisha giza mbili mfululizo ziwa likiwa wazi, au mtumishi wa kila mwezi akipitisha miezi mitatu, mpigie simu wewe mwenyewe. Wengine watakuambia wamehamishwa kikazi. Wengine watakuambia kuhusu godoro la chumba namba tano, na hapo utakuwa umejua kitu ambacho bei isingekitibu.

Nilimpigia yule mama wa Kahama Aprili 2025, nikamweleza bei yake na vyumba vinne. Alinyamaza kidogo, akauliza kama ni kwake tu au na kwa wenzake anaokuja nao. Nikamwambia na wenzake, wakifikisha usiku kumi. Alirudi ziwa lilipofunguliwa, na amekwishakuwa na giza nne kwenye daftari jipya.